Chewa na Papa: Hewa, Mafuta na Mizani ya Kuelea

Nyama ya samaki ni nzito kuliko maji anamoishi, na jambo hili, ingawa huonekana dogo linapotajwa, ndilo linaloamua umbo la mwili wake, mwendo wake, kiasi cha chakula anachohitaji, na hata sura atakayokuwa nayo siku atakapovutwa juu na mshipi wa mvuvi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban gramu 1,026, ilhali lita moja ya mwili wa samaki, nyama na mifupa na magamba vikihesabiwa pamoja, ina gramu 1,070 au 1,080. Tofauti hiyo haifiki gramu 60, lakini yatosha kumzamisha. Samaki asiye na msaada huteremka, polepole pasipo kukoma, hadi atue chini, na akitaka kubaki mahali alipo sharti apige mapezi usiku na mchana, akila ili aogelee na kuogelea ili asizame.

Samaki wa mifupa, ambao ndio wengi wa wale tunaowaona sokoni, walipata kwa maumbile yao jawabu moja la taabu hiyo, na papa, ambao hawana mfupa hata mmoja bali mwili wao wote umeshikwa na gegedu, walipata jawabu jingine. Nami naona kwamba hekima ya mmoja haifahamiki barabara mpaka ipimwe kwa mizani ya mwenziwe, maana kilicho rahisi kwa huyu ni ghali kwa yule, na kinachomfunga yule ndicho kinachomwacha huru huyu.

Na tumtwae chewa mmoja wa kilo 4, anayekaa kando ya mwamba katika kina cha mita 40, yaani pima ishirini na mbili hivi. Mwili wake, tukichukua kwamba kila lita ina gramu 1,076, unashika nafasi ya lita 3.72, na maji ya bahari yanayoweza kujaa nafasi hiyo yana uzito wa kilo 3.81. Kwa hiyo, ijapokuwa mizani ya sokoni yasema kilo 4, ndani ya bahari chewa huyu ana uzito wa gramu 190 tu kasoro kidogo, na huo ndio mzigo wote anaotakiwa kuuondoa. Mzigo huo huondolewa na hewa ya mililita 180, ambayo si hata sehemu moja ya ishirini ya mwili wake. Ukimpasua na kuyatoa matumbo utaiona nyumba ya hewa hiyo imelala chini ya uti wa mgongo: mfuko mrefu wenye ngozi nyororo, mweupe wa kung'aa kwa sababu ukuta wake umepangwa fuwele nyembamba za guanini, ambazo kazi yake ni kuzuia gesi isipenye na kupotea. Hicho ndicho kibofu cha hewa, ambacho watu wa Ziwa Viktoria, wanaokitoa katika sangara na kukikausha kwa ajili ya wanunuzi wa Uchina, hukiita bondo. Wala si ajabu kwamba bondo la sangara ni kubwa, kwa kuwa maji ya ziwa hayana chumvi na ni hafifu kuliko ya bahari. Sangara wa kilo 4, mwenye mwili mzito sawasawa na wa chewa wetu, angehitaji karibu mililita 280 za hewa ili asimame katika maji bila kuzama wala kupanda.

Hadi hapa hewa yaonekana kuwa neema isiyo na dosari, maana haina uzito wa kuhesabika na nafasi inayoshika ni ndogo. Dosari yake ni kwamba hewa haina ukubwa wake yenyewe. Robert Boyle alikwisha kuonyesha mwaka 1662 kwamba gesi ikigandamizwa maradufu hupungua ikawa nusu, na ikipunguziwa mgandamizo hutanuka kwa kadiri ile ile. Na baharini mgandamizo huongezeka, kwa kila mita 10 za kina, kiasi kilicho sawa na cha hewa yote ya anga iliyo juu ya vichwa vyetu. Chewa wetu akiwa kwenye mita 40 amebeba mgandamizo wa anga tano. Akipanda mpaka mita 30 mgandamizo umekuwa wa anga nne, na zile mililita 180 zimekuwa 225. Sasa hazibebi uzito wake tu, bali zinamsukuma juu kwa nguvu ya gramu 45. Akizidi kupanda hadi mita 20 hewa yake imefika mililita 300, na nguvu inayomsukuma imepita gramu 120. Kwa hivyo kadiri anavyopanda ndivyo anavyozidi kupandishwa, na kadiri anavyoshuka ndivyo anavyozidi kuzamishwa, kwa kuwa hewa hupungua na msaada wake ukapungua nayo. Kina ambacho mizani yake imekaa sawa ni kimoja tu, nacho ni kina ambacho kibofu kimejazwa kwa kipimo chake. Ghairi ya hapo kila hatua ya juu au ya chini humpa kazi ya kupigana na mwili wake mwenyewe.

Yuko samaki ambaye hupunguza taabu hiyo kwa njia nyepesi. Mwatiko, simu na jamaa zao wana mrija unaotoka kwenye kibofu hadi kwenye umio, hivi kwamba wanaweza kumeza hewa juu ya maji na kutoa mapovu wanapotaka kushuka. Lakini mrija huo haumfai anayeishi chini, maana hewa iliyomezwa juu ya maji, ikifikishwa mita 40, imekuwa sehemu moja tu ya tano ya ilivyokuwa. Chewa, changu, sangara na wengi wa samaki wa miambani hawana mrija. Ulikuwapo walipokuwa wachanga, kisha ukafa. Kibofu chao kimefungwa pande zote, na gesi haina njia ya kuingia wala ya kutoka isipokuwa kwa damu.

Hapo ndipo penye kazi niionayo kuwa ya ajabu kupita zote katika mwili wa samaki. Oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya bahari, hata ya mita 40, imetoka katika hewa ya juu, na nguvu yake haizidi moja ya tano ya mgandamizo wa anga moja. Ilhali ndani ya kibofu cha chewa mna mgandamizo wa anga tano, na sehemu kubwa ya gesi ni oksijeni hiyo hiyo. Jean-Baptiste Biot, Mfaransa aliyekwenda katika Bahari ya Kati mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kazi ya kuipima dunia, aliwapasua samaki walioletwa na wavuvi akapima gesi ya vibofu vyao, akaona kwamba wale waliotoka vilindini walikuwa na oksijeni nyingi kuliko iliyomo katika hewa tunayovuta, nyingi kiasi cha kupita nusu ya gesi yote. Kwa hiyo suali ni hili: damu yenye oksijeni dhaifu yawezaje kuisukuma oksijeni iingie mahali palipo na nguvu mara ishirini na zaidi?

Jawabu limo katika doa jekundu linaloonekana ndani ya ukuta wa kibofu, nalo ni tezi ya gesi. Seli za tezi hiyo hula sukari ya damu na kuigeuza asidi, ijapokuwa zimezungukwa na oksijeni ya kutosha kuiunguza yote. Asidi hiyo ndiyo ufunguo. Himoglobini ya samaki hawa ina tabia, iliyoelezwa na mwanabiolojia Root mwaka 1931, ya kuiachilia oksijeni mara tu damu inapokuwa kali, na kuiachilia hata pale ambapo oksijeni imejaa pande zote, jambo ambalo himoglobini yetu sisi wanadamu haiwezi. Oksijeni iliyoachiliwa haina mshikaji tena, na nguvu yake katika damu hupanda. Hata hivyo tendo hilo moja lisingetosha, kwa maana damu ingetoka na kuichukua ile nguvu iliyopatikana, na kazi yote ingepotea bure.

Kinachoizuia isipotee ni fundo la mishipa midogo mno lililo mlangoni pa tezi, ambalo wanazuoni wa zamani waliliita wavu wa ajabu. Ndani ya wavu huo mishipa inayopeleka damu kwenye tezi na mishipa inayoirudisha imelazwa sambamba, ikigusana ubavu kwa ubavu, na damu hupita humo kwa pande zinazokabiliana. Na damu inayotoka, iliyojaa gesi na asidi, humkabidhi jirani yake anayeingia sehemu ya alichonacho, kama wapagazi wawili wanaopishana kwenye ujia mwembamba, anayetoka akimrudishia mzigo anayeingia. Gesi hurudishwa ndani tena na tena, kila mzunguko ukiongeza kidogo juu ya ule uliotangulia, mpaka nguvu yake ndani ya tezi ipite ile ya kibofu na gesi ianze kuingia. August Krogh, Mdenmarki aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1920, alihesabu mishipa ya wavu wa mkunga wa mito ya Ulaya akapata zaidi ya laki moja ya kwenda na karibu elfu tisini ya kurudi, kila mmoja ukiwa na urefu wa milimita 4 hivi. Na fundo zima halizidi ukubwa wa tone moja la maji. Wakati wa kupunguza gesi kazi ni nyepesi zaidi, kwani juu ya kibofu mna mahali palipo na ngozi nyembamba sana na damu nyingi, panapofungwa na kufunguliwa na misuli. Chewa akipafungua gesi huingia katika damu, ikachukuliwa hadi kwenye matamvua, ikatoka.

Mtambo huo ni wa uhakika lakini si wa haraka. Kukijaza kibofu kwa kiasi kinachotakiwa na kina kipya huchukua saa nyingi, na kwa samaki wengine siku nzima au zaidi, na kukipunguza nako hakufanyiki kwa dakika. Mvuvi anayemvuta chewa wetu kutoka mita 40 humfikisha juu kabla ya gesi kupata njia, na zile mililita 180 hutaka kuwa 900, karibu lita nzima, ndani ya tumbo lisilo na nafasi hiyo. Alama zake ni dhahiri kwa yeyote anayejua kutazama. Macho hutokeza nje ya matundu yake, tumbo hukaza, mapovu huonekana chini ya ngozi ya mapezi, na kinywani hutoka kitu cha mviringo, chekundu, kilichofura, ambacho wengi hudhani ni kibofu chenyewe ilhali ni mfuko wa chakula uliosukumwa nje na kibofu kilicho nyuma yake. Samaki mdogo mno wa kuuzwa, akitupwa majini katika hali hiyo, hawezi kushuka. Huelea ubavu na kuishia kuwa chakula cha ndege. Kumtoboa mfuko ule unaotokeza kinywani ni kumwongezea jeraha pasipo kumpunguzia hewa. Kinachofaa ni kumrudisha chini kwa uzito, kwa chubwi yenye ndoana isiyo na kiwi iliyotiwa mdomoni kinyume, ikimshusha mpaka kina chake, kisha ikavutwa na kumwachilia. Na maji yenyewe, kwa mgandamizo wake, huirudisha hewa katika ukubwa wake wa awali. Hata kibofu kilichopasuka aghalabu huziba chenyewe baada ya siku chache.

Inafaa tumtaje hapa nguru, ambaye ni samaki wa mifupa kama chewa lakini hana kibofu kabisa. Nguru huwinda kwa kasi, akipanda na kushuka katika maji kwa dakika chache, na chombo kinachotaka saa nyingi ili kirekebishwe kingekuwa kwake pingu. Ameiacha hewa, na gharama yake ni kwamba hawezi kusimama.

Papa naye hakuwahi kuwa na kibofu. Alichonacho ni ini, na mtu aliyelizoea ini la kuku au la ng'ombe hawezi kulikisia la papa mpaka alione: mapande mawili marefu, ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na manjano, yanayoanza karibu na moyo na kuenea urefu wote wa tumbo, laini na yenye kuteleza, na kisu kikilipasua mafuta huchuruzika yenyewe. Ini la chewa likitiwa katika ndoo ya maji ya bahari huzama. La papa aliyenona huelea. Mafuta yake, ambayo pwani yetu yaitwa sifa, ndiyo yaliyopakwa mbao za majahazi vizazi kwa vizazi ili zisipasuke kwa jua na zisinywe maji.

Katika mafuta ya papa wa vilindini mna kitu ambacho Mitsumaru Tsujimoto, mkemia wa Kijapani, alikitenga mwaka 1906 na ambacho leo huitwa skwalini. Lita moja ya skwalini ina gramu 860 tu, ilhali mafuta ya kawaida ya samaki yana gramu 920 hivi. Tofauti hiyo si ndogo kama inavyoonekana, kwa sababu kinachobeba si uzito wa mafuta bali upungufu wake chini ya maji ya bahari, na upungufu wa skwalini ni zaidi kidogo ya mara moja na nusu ya ule wa mafuta ya kawaida. Na turudi kwa chewa wetu, tujaalie kwamba amenyimwa kibofu na kupewa mafuta badala yake. Ili kuuondoa mzigo wake wa gramu 190 angehitaji karibu kilo nzima ya skwalini, au zaidi ya kilo moja na nusu ya mafuta ya kawaida, mahali ambapo mililita 180 za hewa zilitosha. Skwalini hiyo ingeshika nafasi ya lita 1.1, mara sita ya kibofu, na angelazimika kuitengeneza kwa chakula alichokiwinda na kuiburuta kokote aendako.

Hiyo ndiyo bei aliyoilipa papa, na kwa kadiri alivyoweza ameipunguza kwa njia nyingine: gegedu yake ni hafifu kuliko mfupa, na damu na nyama yake zimejaa chumvichumvi za mwili ambazo nazo humpunguzia uzito kidogo. Alichokinunua kwa bei hiyo ni uhuru. Mafuta hayagandamizwi na kina ila kwa kiasi kisichoonekana. Yaliyombeba papa kwenye mita 10 yatambeba kwenye mita 1,000, na kutoka huku hadi kule anaweza kwenda kwa mwendo autakao, bila tezi, bila wavu, bila kungoja saa. Akivutwa juu kwa kamba kutoka kina chochote tumbo lake halifuri wala macho yake hayatokezi. Corner, Denton na Forster, waliokuwa wakifanya utafiti wao Plymouth huko Uingereza, waliwapima papa wa vilindini na kuandika mwaka 1969 kwamba wanyama hao wako karibu sana na mizani kamili, hawazami wala hawapandi, na ini lao lashika kiasi cha robo ya uzito wa mwili mzima.

Papa wa maji ya juu, kama wale wanaoingia katika nyavu za jarife huku kwetu, hawabebi mzigo mkubwa namna hiyo. Ini lao ni dogo zaidi, skwalini yake ni chache, nao hubaki wazito kidogo kuliko maji. Kilichobaki hukimaliza kwa mwendo. Mapezi yao mawili ya kifuani ni mapana na magumu, hayakunjiki kama ya chewa, na maji yakipita chini na juu yake humwinua papa kama bawa linavyoinua ndege. Lakini bawa hutaka kasi: mwendo ukipungua nusu, nguvu ya kuinua hubaki robo. Ndiyo sababu papa wa aina hizi haonekani amesimama majini. Ama anakwenda, ama amelala chini mchangani, kama wafanyavyo papa wengine wenye tabia ya kupumzika mchana. Wamo hata wanaochanganya njia mbili, kwani papa wa mchanga mwenye meno yaliyochongoka hupanda juu, akameza hewa akaihifadhi tumboni, na kwa hiyo akaweza kutulia karibu bila kusogea.

Kuna neno jingine kuhusu mafuta ambalo hewa hailijui, nalo ni kwamba mafuta ni chakula vilevile. Papa mweupe mkubwa husafiri kutoka pwani ya Kalifonia hadi Hawaii, maelfu ya kilomita katika maji yenye windo haba, na katika safari hiyo mara kwa mara huacha kupiga mkia na kuteremka mwenyewe kama anayeteleza. Wataalamu waliotoa matokeo yao mwaka 2013 waliwafunga papa hao vyombo vya kupima kina, wakalinganisha kasi ya kuteremka mwanzoni mwa safari na kasi ya baadaye, wakaona kwamba kadiri siku zilivyopita ndivyo walivyozidi kuteremka upesi. Sababu ni kwamba walikuwa wakiyachoma mafuta ya ini yao njiani. Akiba ile ile iliyowabeba ndiyo iliyowalisha, na kila walipoila walizidi kuwa wazito na kuhitaji nguvu zaidi ya kujiinua.

Wala njia ya mafuta si ya papa peke yao. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanga, waliotega majarife ya papa katika maji ya kina, wamekuwa wakimpata silakanti, samaki mkubwa wa magamba ambaye ulimwengu wa elimu ulidhani ametoweka zamani za kale hadi mmoja alipopatikana Afrika ya Kusini mwaka 1938. Huyu ni wa ukoo wa samaki wa mifupa, na wazee wake walikuwa na pafu. Pafu hilo limebaki ndani yake kama mabaki tu, na mahali pake pamejaa shahamu. Mjerumani Hans Fricke, aliyeteremka kwa chombo cha chini ya maji huko Komoro mwaka 1987 akawa wa kwanza kumtazama akiwa hai katika makao yake, alimwona akielea kando ya mapango pasipo kupiga mkia, akipelekwa na mkondo na mara nyingine akisimama kichwa chini miguu juu, mapezi yakisogea taratibu kumweka sawa. Shahamu humpa wepesi wa kusimama mahali pamoja ambao papa wa jarife hana, na humwacha huru na kina kwa namna ambayo chewa hawezi. Na wavuvi wa Tanga wanapomtoa katika maji ya mita mia moja na zaidi, tumbo lake limelala kama lilivyokuwa chini, pasipo kufura.